Mbuzi Hazai Kila Mwezi: Kuitambua Mipango ya Faida ya Haraka na Kulinda Akiba Zetu

Mada iliyotolewa kwenye semina ya waweka hazina wa vyama, Garsen, Kaunti ya Tana River



Nimeombwa nizungumzie utapeli wa uwekezaji, nami nimeona nianze na mbuzi, kwa kuwa hesabu ya mbuzi hapa haihitaji kufundishwa. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano. Ukimtunza, mvua ikinyesha na fisi asipopita, atakupa mtoto mmoja kwa mwaka, pengine pacha. Ng'ombe hubeba miezi tisa. Mwembe unausubiri miaka kabla haujakupa gunia la kwanza. Hizo ndizo kasi za mali tunayoijua, na hata hizo haziji kwa ahadi. Ukame wa 2021 na 2022 ulitukumbusha kwamba zizi zima huweza kubaki ngozi tupu.

Sasa mtu anakuja na simu mkononi, anasema weka 10,000, baada ya siku 30 unachukua 15,000, tena kwa uhakika. Ukiiacha pesa ndani izunguke, mwezi wa 12 utakuwa na takriban 1,297,000. Igeuzeni kuwa mbuzi: mbuzi mmoja wa Januari amekuwa 129 ifikapo Desemba, hakuna aliyekufa, hakuna aliyechinjwa Idi wala Krismasi, na mchungaji hakulipwa. Mfugaji wa Orma au Wardei akiambiwa hivyo kuhusu mbuzi atacheka hadi alie. Akiambiwa kuhusu shilingi, anauza mtamba.

Pesa inatoka wapi

Swali linalozaa mengine yote ni hili: hiyo 5,000 ya nyongeza imetoka wapi? Mwenye mpango ana majibu mengi. Atasema ananunua na kuuza fedha za kigeni, au anachimba sarafu za mtandaoni, au mnabonyeza matangazo na kampuni ya ng'ambo inawalipa. Jibu la kweli mara nyingi ni fupi: imetoka kwa aliyeingia nyuma yako. Mchezo huu ni mkongwe. Charles Ponzi aliucheza Boston mwaka 1920, akiahidi asilimia 50 kwa siku 45, na jina lake likabaki kwenye vitabu.

Tuufanyie hesabu hapa hapa. Tuseme mwenye mpango anajikatia shilingi 2 kwa kila 10 inayoingia. Hiyo ndiyo inayolipa gari na suti yake. Mwezi wa kwanza anaingiza watu 10. Mwezi wa pili awalipe 15,000 kila mmoja, yaani 150,000. Kwa kuwa zile za kwanza amekwisha kuzila zote, na za wapya pia hukata sehemu yake, atahitaji watu wapya 19 ili deni hilo litimie. Hao 19 nao wakifika zamu yao wanahitaji 36 nyuma yao, kisha 68, kisha 128, kisha 240, na mwezi wa saba 450. Kufikia hapo wamekwisha kuingia watu 951. Mwezi wa nane zinatakiwa roho 844 nyingine. Miezi michache tu mbele, Garsen na vijiji vyake havitatosha.

Tazameni vizuri mwezi huo wa saba. Mfukoni mwake zimo shilingi 4,500,000 za wale 450. Akiwalipa wale 240 wanaodai, anabakiwa na 900,000 na deni lisilolipika. Akitoroka usiku huo, anaondoka na zote. Yeye anaijua hesabu hii kuliko sisi, ndiyo maana mipango hii hufa ghafla, mara nyingi ikiwa katika kilele cha sifa zake. Akitoroka kabla ya kulipa, walioumia ni 690 kati ya 951. Na wale 261 waliolipwa? Wengi wao hawakuondoka na kitu mkononi, kwa sababu waliirudisha ndani, safari hii wakiongeza na ya ada ya shule.

Nataka tukae kidogo hapa, kwa kuwa ndipo watu wenye akili zao wanaponasa. Jirani yangu mmoja aliweka 10,000 akapata 15,000, akazitoa, akanunua mabati. Tuliyaona mabati. Wengi wetu tulisema kama ni uongo, mabati yametoka wapi? Kumbe malipo ya kwanza ndiyo chambo chenyewe. Mvuvi wa Mto Tana hashangai samaki akila chambo kweli. Angeshangaa kama asingekula. Yule jirani hakusema uongo hata kidogo. Alikuwa shahidi mkweli wa jambo asilolijua. Siku alipouza mbuzi wake na kuweka 60,000, hakuna bati lililoongezeka.

Kwa hiyo kulipwa si ushahidi. Ushahidi ni kuonyeshwa biashara inayozaa hiyo pesa, na vitabu vyake vikaguliwe na mtu ambaye hakuchaguliwa na mwenye mpango.

Yaliyokwisha kutokea

Kenya ilipita hapa. Mipango ya namna hii ilienea sana ikaporomoka kufikia 2007, na jopo lililoongozwa na Francis Nyenze lilipotoa ripoti mwaka 2009, lilihesabu watu karibu 150,000 waliopoteza zaidi ya shilingi bilioni 8. Kwa majirani zetu Tanzania kulikuwa na DECI. Kule haikuitwa kuwekeza. Iliitwa kupanda mbegu, na siku ya malipo ikaitwa kuvuna. Walioiongoza walikuwa watu wa kanisa. Serikali iliifunga 2009, na mwaka 2013 mahakama ya Dar es Salaam ikawatia hatiani baadhi ya viongozi wake.

Naitaja DECI kwa sababu ya lugha yake. Mkulima akisikia mbegu anaacha kuuliza, maana mbegu anaiamini tangu utotoni. Kwetu mpango unaweza kuja na kanzu badala ya kola, ukajiita halali. Hapa wazee wa dini wananisaidia: katika mudharaba, mwenye mali na mwenye kazi hukubaliana sehemu za kugawana faida kama itapatikana, na hasara ya mtaji humwangukia mwenye mali ikiwa mwenye kazi hakuzembea. Anayekuhakikishia faida ya kiasi maalumu kila mwezi, kisha akauita mudharaba, amejipinga mwenyewe ndani ya sentensi moja. Huhitaji benki kuu kuligundua hilo.

Cheti na leseni

Mweka hazina mmoja wa vijana aliwahi kuniambia, "Lakini mwalimu, wana cheti cha serikali, nimekishika." Alikuwa amekishika kweli. Kilikuwa cheti cha kuandikisha kampuni, ambacho mtu yeyote hukiomba kupitia eCitizen. Cheti hicho ni kama cha kuzaliwa: kinasema mtoto yupo, hakisemi anajua kuendesha lori. Kukusanya akiba za watu kunahitaji leseni nyingine. Benki na benki ndogo husimamiwa na Benki Kuu ya Kenya. SACCO zinazopokea amana husimamiwa na SASRA. Mifuko ya pamoja ya uwekezaji, pamoja na mawakala wa biashara ya fedha za kigeni mtandaoni, huwa chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Kila moja hutoa orodha ya iliowapa leseni, na jina lisilokuwamo halimo, hata likifanana na lililomo. Linganisheni herufi kwa herufi, kwa sababu matapeli hupenda kuazima jina la kampuni halisi na kuongeza neno moja mwishoni.

Angalieni pia pesa inatua wapi. Ukiambiwa utume kwa namba ya simu ya mtu binafsi, na wiki ijayo namba imebadilika, mpango huo hauna akaunti inayoweza kukaguliwa.

Dalili ya kwamba mwisho umekaribia huonekana kwenye kutoa, si kwenye kuweka. Kuweka huwa rahisi hadi dakika ya mwisho. Kutoa ndiko kunakoanza kuwa na maneno: mfumo unaboreshwa, subirini Jumatatu, atakayeacha pesa ndani atapewa nyongeza, anayetaka kutoa alipe kwanza ada ya kufungua akaunti. Mkisikia hiyo ada, msilipe. Aliye na pesa zako angekata ada humo humo.

Ukiwa umekwisha kuingia

Omba pesa yako yote leo, usiombe faida. Usimwingize mtu mwingine ili upate yako. Hapo utakuwa umehama kutoka kwa aliyeibiwa kwenda kwa mwenza wa mwizi, na kijijini kwetu utaitwa hivyo miaka mingi. Hifadhi ujumbe wa M-Pesa na mazungumzo ya WhatsApp kabla kikundi hakijafutwa. Ukiwa umetuma dakika chache zilizopita, peleka ujumbe ule wa M-Pesa kwa 456 kuomba urejeshewe, lakini jueni kwamba kama mpokeaji amekwisha kuzitoa, hakuna cha kurudisha. Kisha nenda kituo cha polisi uandikishe na uchukue namba ya OB. Baada ya hapo atatokea mtu akisema yeye ni wakili au mtaalamu wa mitandao, atakurudishia zote kwa 3,000 tu. Huyo mara nyingi ana namba yako kwa sababu orodha ya walioibiwa nayo huuzwa.

Watu huniuliza basi tuweke wapi. Pesa ya ada ya muhula ujao isiende mbali na benki, SACCO yenye leseni au sanduku la chama lenye kufuli tatu na wenye funguo watatu. Benki ikianguka, bima ya amana hulipa hadi 500,000 kwa kila mwekaji; bima hiyo ni ya benki, msidhani inafunika SACCO. Chama chenye ziada kinaweza kuikopesha serikali kwa hati za Hazina kupitia DhowCSD ya Benki Kuu, ambako kiwango cha kuanzia sasa ni 50,000. Faida yake kwa mwaka mzima ni ndogo kuliko ile ambayo tapeli anaiahidi kwa mwezi mmoja. Ndivyo inavyopaswa kuwa.

Kabla ya chai, kila kundi lichukue karatasi moja kati ya nilizoziacha mezani. Juu yake pana tangazo la mpango wa kubuni unaoahidi asilimia 30 kwa mwezi. Andikeni mbuzi mmoja angekuwa wangapi baada ya miezi 12, na wapya wangapi wangehitajika mwezi wa saba ikiwa walianza watu 10 na mwenye mpango anakula 2 katika kila 10. Tukirudi, kundi la Tarasaa litaanza.