KUANDIKA MAONI BAADA YA KUFUNDISHA

Wengine kati yenu mmekwisha kujua kusoma na kuhesabu, na sasa mnawafundisha wenzenu jioni. Leo nataka kuzungumza nanyi habari ya sehemu ya mwisho ya andalio la somo, yaani ile inayoitwa maoni. Wengi huiandika kwa haraka, kisha hawaisomi tena.

Nitawapa mfano wangu mwenyewe. Jioni moja nilifundisha hesabu ya kutoa kwa kukopa. Mwisho wa somo niliwapa watu wote swali moja, 52 toa 27. Nikarudi nyumbani, nikaandika hivi: “Somo lilikwenda vizuri. Wengi walielewa.” Basi, nikafunga daftari.

Je, maneno hayo yangenisaidia nini siku ya kufundisha somo hilo tena? Hayakusema wangapi, wala hayakusema walikosea nini. Kwa hiyo nikafungua madaftari yao, nikahesabu. Watu walikuwa 24. Walioandika 25, ambalo ndilo jibu la haki, walikuwa 8 tu. Walioandika 35 walikuwa 13. Watatu hawakumaliza.

Hapo nikafikiri nimekwisha kujua sababu. Nilidhani wale 13 walitoa tarakimu ndogo katika kubwa bila kujali ipi iko juu: 7 toa 2 ni 5, na 5 toa 2 ni 3. Karibu niandike hivyo. Lakini kesho yake, kabla ya somo, nilimwomba mama mmoja anieleze alivyofanya.

Akasema, “Mwalimu, 2 haitoshi kutoa 7, basi nikakopa kumi, ikawa 12. 12 toa 7 ni 5. Kisha 5 toa 2 ni 3.”

Mnaona? Mama huyu alijua kukopa. Kosa lake ni kwamba alikopa kumi moja, akasahau kuipunguza katika makumi. Yalibaki makumi 4, naye akahesabu 5. Nikamwuliza na bwana mmoja. Yeye ndiye aliyefanya kama nilivyodhani. Jibu ni moja, 35, lakini makosa ni mawili, na kila moja lina dawa yake.

Basi nikaandika maoni upya, hivi:

“Watu 24. Waliopata 8. Walioandika 35 ni 13. Nimewauliza wawili: mmoja hakukopa, mwingine alikopa akasahau kupunguza makumi. Swali langu halitenganishi makosa haya. Ubaoni nilitoa mifano minne, na mitatu haikuhitaji kukopa. Safari ijayo: (1) mifano yote ya ubaoni iwe ya kukopa, (2) swali la mwisho liwe 53 toa 27.”

Kwa nini 53? Fanyeni hesabu pamoja nami. Asiyekopa atasema 7 toa 3 ni 4, na jibu lake litakuwa 34. Aliyekopa akasahau atasema 13 toa 7 ni 6, na jibu lake litakuwa 36. Jibu la haki ni 26. Sasa kila kosa lina alama yake.

Halafu nilifanya jambo ambalo wengi hulisahau. Nilifungua andalio lenyewe, nikafuta mifano ya zamani na swali la zamani, nikaandika mapya. Maoni yakikaa chini ya ukurasa peke yake, andalio hubaki lile lile, na kosa hurudi.

Nilipofundisha kikundi kingine cha watu 20, walioandika 26 walikuwa 13, walioandika 34 walikuwa 2, na walioandika 36 walikuwa 5. Sikuandika kwamba andalio jipya limeshinda la zamani, maana watu hawakuwa wale wale, na pengine hawa walijua zaidi tangu mwanzo. Lakini sasa nilijua kazi iliyobaki ni wapi. Nikaandika: “Wanakopa, lakini watano wamesahau kupunguza. Safari ijayo: vijiti vya kumi kumi vifungwe vitita 5. Kitita kimoja kikifunguliwa, watu wahesabu vitita vilivyobaki, waandike 4 juu ya 5, kabla ya kutoa.”

Basi, ndugu, kazi yenu ya juma hili ni hii. Mkimaliza kufundisha, andikeni siku ile ile, kabla hamjarudisha madaftari. Andikeni wangapi walipata, jibu lipi la makosa lilitokea mara nyingi, na mtu mmoja alivyoeleza njia yake. Mwisho andikeni badiliko moja au mawili, kisha yatieni ndani ya andalio. Msibadili mambo kumi kwa mara moja, maana hamtajua lipi lililosaidia.