Mikoko na Wimbi la Kusi



Wengi walituuliza mbona fedha za chama tunazitia matopeni. Mikoko ilikuwa imekwisha kukatwa boriti, na kusi likivuma wakati wa bamvua, wimbi lilifika minazini. Wimbi likipita katikati ya mizizi na mashina huvunjika nguvu. Watafiti wamepima wakaona mita 100 za mikoko hupunguza kimo cha wimbi kwa asilimia 13 hadi 66, kutegemea ilivyosongamana. Basi mstari mmoja tu ni kazi bure.

Mara ya kwanza tulikosea, tuseme kweli. Tulichukua mbegu za mkoko, zile ndefu, tukazichomeka ukingoni kabisa, mbele ya bahari. Baada ya miezi michache nyingine zimeng'oka, nyingine zimefukiwa na mchanga, na zilizobaki zimegandwa na vijidudu vya magamba meupe mpaka zikakauka. Pale mbele ni mahali pa mlilana. Mkoko hukaa nyuma yake.

Sasa mbegu za mlilana ni ndogo, ukizimwaga maji yanazichukua. Tukaziotesha kitaluni kwanza, miche ilipokomaa tukaipanda mbele. Nyuma tukachomeka mkoko upya, theluthi ya mbegu ndani ya tope, hatua moja moja.

Lakini tusidanganyane. Bamvua bado linapanda, pigo lake ndilo lililopungua. Wenzetu wa bondeni bado wanahamisha majiko yao.