"Hii Ni Nini?": Picha Moja ya Nzi Kwenye Embe

(Mazungumzo ya afisa wa kilimo nyanjani na wakulima wa maembe, Makindu)



Nianze na kosa langu mwenyewe. Msimu mmoja, maembe yakiwa yanatoa maua, nilitumiwa picha kwenye simu, na chini yake maneno matatu: "Hii ni nini?" Ilipigwa jioni na mkono ulitikisika. Niliona kitu cha rangi ya kahawia na njano chenye mabawa, kinachofanana na nyigu mdogo. Nikajibu haraka: nzi wa matunda. Mama yule akapulizia dawa mti wote.

Baadaye nilipofika shambani nilimkuta mdudu mwenyewe kwenye miti ya jirani. Alikuwa nzi wa maua, yule anayening'inia hewani palepale kama aliyefungwa kwa uzi. Huyo hatobowi embe. Anakunywa maji matamu ya maua na kuyachavusha, na maua ya mwembe hutegemea sana nzi wa namna yake. Tulikuwa tumewaua wafanyakazi wetu.

Picha ile haikuweza kuniambia ukweli, lakini maswali mawili yangeniambia: alikuwa wapi, na alikuwa akifanya nini? Nzi wa matunda jike hutafuta tunda, si ua. Utamkuta ametua kwenye embe linalokaribia kukomaa, akichomeka ncha ya tumbo ndani ya ganda ili atage mayai. Kwa hiyo ukinitumia picha, andika pia siku, sehemu ya mti, na kama matunda yalikuwepo.

Tuseme sasa ni nzi wa matunda kweli. Bado kuna wa aina mbalimbali, na hapa kwetu wawili ndio wanaotusumbua zaidi kwenye maembe. Yule wa kienyeji ni mdogo, wa manjano, na mabawa yake yana mabaka. Yule aliyetoka Asia ni mkubwa kidogo, mabawa yake ni angavu yenye ukingo mweusi mbele, na mgongoni ana mistari miwili ya njano. Alama hizo zinaonekana kwa mdudu aliyetulia kwenye mwanga mzuri. Kwenye picha yenye ukungu, bawa lenye mabaka na bawa angavu ni kivuli kilekile.

Tofauti hiyo ina gharama. Chambo kinachovuta madume wa yule wa Asia hakimvuti yule wa kienyeji. Ukitundika mtego wenye chambo kisichomhusu, utabaki mtupu, nawe utasema shamba ni safi huku maembe yakioza kwa ndani.

Wala msidhani wataalamu huona mara moja. Yule wa Asia aligunduliwa Kenya mwaka 2003. Mwaka 2005 wanasayansi, wakiwa na wadudu wenyewe mezani, walimpa jina kama aina mpya. Mwaka 2015 ndipo ilipokubaliwa kwamba ni yuleyule nzi wa Asia aliyejulikana zamani. Ikiwa ilichukua miaka kumi, mimi na picha ya simu ni nani?

Na ukinitumia picha ya funza ndani ya embe, hapo sina la kukuambia. Funza wa nzi hawa wote ni weupe na wanafanana. Dawa ya hilo ni kumlea mpaka awe nzi.

Chukua maembe matano au sita yenye alama za kuchomwa, yakiwa bado mtini au yameanguka leo. Yaliyooza chini siku nyingi huzaa pia vinzi vingine vya matunda mabovu, navyo vitakuchanganya. Weka mchanga wenye unyevu kidogo ndani ya ndoo, kina cha vidole viwili, weka maembe juu, kisha funga mdomo kwa kitambaa chepesi kwa kamba. Iweke kivulini, mbali na siafu. Funza watatoka na kujizika mchangani, na baada ya wiki mbili hadi nne nzi watatokea.

Usiwaue siku hiyo! Nzi aliyetoka leo amepauka, rangi zake hazijakaa. Mpe maji na sukari kwenye pamba iliyolowanishwa, ukiiweka juu ya kitambaa, kwa siku tatu au nne. Kisha ndoo nzima iletwe ofisini ikiwa imefungwa, au nzi watumbukizwe kwenye chupa ndogo ya spiriti.

Kama ni lazima utume picha, mweke mdudu aliyekufa kwenye karatasi nyeupe, kando ya sarafu ya shilingi moja, mchana. Piga ya juu, ya ubavuni, na ya bawa lililonyooshwa. Kwenye WhatsApp itume kama faili, isipunguzwe ubora njiani. Nami nikijibu "sijui, lete ndoo," msinikasirikie.

Yule mama yuko hapa leo, amekaa mbele. Ndoo yake ameibeba.