Mtu Akianguka Kifafa: Dakika Tano za Kwanza na Ukurasa wa Kuandika

Leo tutajifunza namna ya kumsaidia mtu aliyeanguka kifafa, kisha tutaandika. Wekeni daftari na kalamu karibu.

Tumchukue msichana mmoja wa miaka 14. Tumwite Asha. Jioni moja Asha ameketi jikoni na mama yake. Mkono wake wa kulia unaanza kutikisika. Mara anatoa sauti kubwa, mwili unakauka kama gogo, anaanguka. Midomo inageuka rangi. Halafu mwili wote unarukaruka na mate yanatoka.

Ile sauti siyo ya pepo, wala siyo kilio cha maumivu. Misuli ya kifua imekaza ghafula na kuisukuma pumzi nje, basi. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Hauambukizi, na mate ya mgonjwa hayawezi kukupa kifafa. Nalisema hili mapema kwa sababu wako watu walioungua vibaya motoni huku jamaa wamesimama kando, wakiogopa kuwagusa.

Basi mama afanye nini?

Kwanza, amwondoe Asha karibu na moto, na sufuria ya moto iondolewe. Kama hakuna hatari, mgonjwa asihamishwe. Aachwe palepale alipo.

Pili, atazame saa. Saa ya mkononi au ya simu yafaa. Msaidizi mwenye hofu huona dakika moja kama dakika kumi, kwa hiyo asikisie. Kama hakuna saa, ahesabu polepole mpaka 60, kisha akunje kidole kimoja. Kila kidole ni kama dakika moja.

Tatu, aweke kitu laini chini ya kichwa, kama kanga iliyokunjwa, na kulegeza nguo shingoni. Asimshike kwa nguvu ili kuuzuia mwili usitikisike. Hautazuilika, na mfupa waweza kuvunjika au bega kutoka mahali pake.

Nne, asitie kitu chochote mdomoni: wala kijiko, wala kijiti, wala kidole, wala maji, wala dawa. Watu husema mgonjwa atameza ulimi wake. Ulimi umeshikamana na mdomo, haumezeki. Aweza kuuuma, ndiyo, lakini jeraha la ulimi hupona. Jino lililovunjwa na kijiko halirudi, na maji yakiingia katika njia ya pumzi yaweza kumwua.

Tano, kutikisika kukipungua, amlaze ubavu, uso ukielekea chini kidogo, ili mate yatoke nje na pumzi ipite. Asha atalala, na akiamka atakuwa kama mtu aliyepotea njia. Mama akae naye, aseme naye kwa upole, asimpe chakula wala maji mpaka aweze kujibu jina lake na mahali alipo.

Mara nyingi kifafa cha namna hii hukoma chenyewe katika dakika moja mpaka tatu. Lakini ukikunja kidole cha tano na mwili ungali ukitikisika, mpelekeni hospitali mara moja. Kama gari liko mbali, mtu atumwe kulitafuta mapema. Msingoje kidole cha tano. Mpelekeni upesi vilevile kama ameanguka mara ya pili kabla ya kupata fahamu, kama hii ni mara yake ya kwanza maishani, kama ana mimba, kama ameangukia majini, kama ameumia, au kama hapumui vizuri baada ya kutulia. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi mahali palipoungua kwa dakika 20, kisha apelekwe. Msipake majivu wala dawa ya meno.

Sasa kalamu. Mgonjwa mwenyewe hakumbuki lililotokea, na daktari hakuwapo. Shahidi ni wewe uliyeona. Pigeni mistari katika daftari, mfanye vyumba sita kama hivi. Mama yake Asha ameandika miezi mitatu:

| Tarehe na saa | Alikuwa akifanya nini | Kilianzaje | Dakika | Baadaye | Dawa |
|---|---|---|---|---|---|
| 31 Machi, saa 12 jioni | Ameketi jikoni | Mkono wa kulia | 2 | Alilala saa 1 | Hakunywa usiku 2 |
| 30 Aprili, saa 1 asubuhi | Akifagia | Mkono wa kulia | 3 | Alilala saa 1 | Hakunywa usiku 1 |
| 31 Mei, saa 11 alfajiri | Amelala | Sikuona | 2 | Kichwa kilimwuma | Hakunywa usiku 2 |

Tazameni mstari wa tatu. Mama hakuona mwanzo, naye ameandika "sikuona." Amefanya vema. Neno la kubuni humpoteza daktari kuliko chumba kitupu.

Sasa tusome pamoja. Chumba cha tatu kinasema mkono wa kulia, mara mbili. Hilo ni jambo kubwa kwa daktari, kwa maana laonyesha kwamba huenda kifafa hiki huanzia upande mmoja wa ubongo, upande wa kushoto, kabla ya kuenea. Tena laweza kumsaidia kuchagua dawa.

Tazameni tarehe. Zote ni mwisho wa mwezi. Majirani walikuwa wakisema ni mbalamwezi. Lakini someni chumba cha mwisho. Asha hunywa kidonge kimoja kila usiku. Kila tarehe 1 mama huenda zahanati na kupewa vidonge 28, yaani vya majuma manne. Tufanye hesabu. Machi ina siku 31. Toa 28, zabaki 3. Usiku wa tarehe 29 hakuna kidonge, usiku wa tarehe 30 hakuna, na tarehe 31, kabla ya usiku, Asha ameanguka. Aprili ina siku 30: vidonge vimekwisha tarehe 28, usiku wa 29 umepita bure, na tarehe 30 ameanguka.

Basi mbalamwezi haina kosa. Kosa ni kwamba zahanati ilihesabu majuma manne, na mama alihesabu mwezi wa kalenda. Dawa ya kifafa haiponyi ugonjwa. Huuzuia maadamu imo mwilini. Ikikatika ghafula, kifafa chaweza kurudi, tena kwa nguvu, hata kwa mtu aliyekaa miaka bila kuanguka. Msiikate wala kuigawa nusu ili itoshe bila kumwuliza daktari.

Mama alipoonyesha ukurasa wake zahanati, hakupewa dawa kali zaidi. Aliandikiwa kurudi siku ya 28, kabla ya kidonge cha mwisho kwisha. Kama asingeandika, pengine dozi ingeongezwa bure, na Asha angesinzia darasani.

Kazi ya juma hili: pigeni vyumba sita, mwandike vichwa vyake bila kutazama ubao. Halafu hesabuni: mtu akipewa vidonge 60 tarehe 5 Julai, naye anywa viwili kila siku kuanzia siku hiyohiyo, vitakwisha tarehe gani? Jibu mtalipata katika somo lijalo.