Ujumbe wa kuomba kazi ya kwanza

Ndugu vijana, tumesoma jumbe zenu kwa wenye restora hapa Baraka. Wengi munaanza na shida za kambini, kazi munaitaja mwisho. Mama mwenye wateja hafiki huko. Tukatengeneza mmoja hivi:

«Shikamoo mama. Naomba kazi ya kuosha vyombo na kuhudumia wateja. Nimemaliza sekondari mwaka huu. Sijaajiriwa bado, lakini nyumbani napikia watu 10 kila siku. Nakaa karibu na soko, saa 12 asubui nitakuwa nimefika. Munaweza kunijaribu siku moja. Mchungaji wetu ananijua, namba yake ni hii.»

Mbele ya kutuma, mumuombe mchungaji ruhusa. Na siku ya majaribio, muulize kwanza kama inalipwa.