Funga Daftari, Chukua Karatasi Tupu
Mada kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, Galu



Waliopitia chuoni utotoni wanakumbuka ustadhi alivyosikiliza hifdhi. Msahafu unafungwa, unasoma kwa ghaibu, ukikosea unasimamishwa papo hapo. Hakuna aliyehesabiwa kuwa amehifadhi eti kwa sababu ameitazama sura mara kumi. Tukifika chuo kikuu tunaisahau njia hiyo. Jioni tunafungua daftari la mhadhara, tunalisoma tena, tunapiga mistari ya rangi, kisha tunalala tukiamini kwamba tumesoma.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi vifungu vifupi vya sayansi. Kundi moja lilikisoma kifungu katika vipindi vinne. Jingine lilikisoma katika kipindi kimoja tu, kisha mara tatu likaandika kwenye karatasi tupu yote liliyoyakumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: wao walikumbuka asilimia 40, na wale wa karatasi tupu asilimia 61. Linalonigusa zaidi ni kwamba waliorudia kusoma ndio waliotarajia kukumbuka vizuri zaidi. Maneno yaliyozoeleka machoni hupita kwa ulaini, nasi huudhania ulaini huo kuwa ujuzi.

Sasa tuione kazi yenyewe. Niliketi na binti mmoja wa mwaka wa kwanza, mzaliwa wa hapa Galu, jioni ya siku aliyofundishwa kujaa na kupwa kwa maji. Saa chache zilikuwa zimepita tangu mhadhara, na ndivyo ipasavyo: ukiandika ukiwa bado mlangoni mwa ukumbi, unamwaga tu kilichobaki masikioni. Alifunga daftari, akaiweka simu mbali, akaandika kichwa cha mhadhara juu ya karatasi na kuanza kwa kalamu ya buluu. Tulijipa dakika kumi na tano.

Dakika ya sita alikwama, akanyoosha mkono kulichukua daftari. Nikamzuia. Hapo ndipo watu wengi huharibu, kwa maana ule utafutaji mzito ndio unaoifanya kumbukumbu ishike. Akachora dunia, mwezi na jua, na mchoro ukamletea mambo mawili zaidi.

Muda ulipokwisha alifungua daftari na kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Alikuwa ameandika kwamba bamvu huja mwezi ukiwa mpevu. Ni kweli, ila aliuacha mwezi mwandamo, ambapo jua na mwezi huvuta vikiwa upande mmoja na maji hupanda vilevile. Hilo lilikuwa pengo la kusahau, akalijaza kwa sentensi moja. Pia aliandika kwamba maji hujaa kila baada ya saa kumi na mbili kamili. Hapo alikosea: ni kama saa 12 na dakika 25, ndiyo maana wanaosaka pweza mwambani huchelewa kutoka kwa karibu dakika 50 kila siku. Kosa la namna hii ni zito kuliko pengo, maana lisiposahihishwa jioni hiyo huendelea kukaa kichwani kama ukweli.

Lililobaki halikuonekana kwa urahisi. Aliandika kwamba maji hujaa mara mbili kwa siku, na daftari lilisema hivyo hivyo. Nikamuuliza: mwezi uko upande mmoja, mbona maji yanajaa na upande wa pili? Akanyamaza. Alilibeba neno bila sababu yake. Tulirudi kwenye kitabu: mvuto wa mwezi hupungua kadiri unavyokuwa mbali, hivyo maji ya upande wa pili huvutwa kidogo kuliko dunia yenyewe, nayo hubaki nyuma yakiwa yamevimba. Kwa hiyo kila sentensi ya buluu iulizwe "kwa nini?", hata ikiwa sahihi.

Njia hii ina mipaka. Mhadhara ambao hukuuelewa hata kidogo hauwezi kufufuliwa na karatasi tupu. Soma kwanza, au muulize mhadhiri. Katika hesabu, kuikumbuka kanuni hakutoshi: andika swali moja la darasani na ulitatue mwanzo hadi mwisho bila kuchungulia. Na usijilazimishe kuirudisha mihadhara yote minne ya siku. Chagua miwili iliyo mizito.

Siku mbili baadaye binti yule alichukua karatasi nyingine, safari hii kwa yale mekundu tu. Dakika tano zilimtosha. Alianza na mchoro wa upande wa pili wa dunia, na pembeni yake akaandika sababu kwa maneno yake mwenyewe. Zile dakika 25 alizisahau tena, akazizungushia duara jekundu zirudiwe Jumamosi.