Bidoni Inapofika Mlangoni: Chanzo, Bei na Usalama wa Maji Yanayouzwa Kalemie

Mada iliyotolewa kwenye semina ya kamati za maji, wakuu wa mitaa, wahamasishaji wa afya na wauzaji wa maji, Kalemie



Nimeombwa nizungumzie maji tunayonunua: bidoni ya lita 20 inayoletwa kwa baiskeli au mkokoteni, na lori la tanki linalojaza visima vya simiti vya hoteli, shule na kambi za waliohama makwao. Hoja yangu ni moja. Mnunuzi wa Kalemie amezoea kuuliza, "Haya ni maji ya wapi?" Swali hilo ni zuri, lakini likibaki peke yake halimlindi. Maji mazuri ya bomba yanaweza kuharibika njiani, na maji ya ziwa yanaweza kunyweka yakitiwa dawa sawasawa. Kinachoamua ni klorini iliyobaki ndani ya maji yanapofika mlangoni, na hiyo inapimika.

1. Robine inapokauka

Kipindupindu kimekaa kwenye ukanda huu wa Ziwa Tanganyika tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Sababu mojawapo ilionyeshwa na wenzetu wa Uvira, mji ulio kaskazini mwetu kwenye ufuo huu huu. Watafiti walilinganisha maji yaliyozalishwa kila siku na kiwanda cha Regideso cha Uvira na idadi ya wagonjwa walioingia kituo cha matibabu ya kipindupindu, kuanzia 2009 hadi 2014. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Katika siku 12 zinazofuata siku isiyo na maji ya bomba kabisa, wagonjwa walioshukiwa kuwa na kipindupindu walikuwa takribani mara mbili na nusu ya wale wanaofuata siku ambayo bomba lilitoa maji ya kutosha.

Matokeo hayo yanatuhusu kwa sababu robine zikikauka, watu hawaachi kutumia maji. Wanashuka ziwani wenyewe, au wanamlipa mwenye baiskeli ashuke kwa niaba yao. Siku hiyo bei hupanda na chanzo hubadilika, lakini bidoni ni ile ile ya manjano, na pengine muuzaji ni yule yule wa jana. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi lianze na bomba la mtaani mwake: leo limetoa maji, au limekauka tangu alfajiri? Kama mtaa mzima hauna maji, anayekuambia kwamba ameteka robineni akutajie robine yenyewe, na uweze kumuuliza jirani wa huko.

Jambo la pili linasahauliwa. Maji yakirudi bombani baada ya kukatika, yale ya mwanzo hubeba uchafu ulioingia kwenye mabomba yaliyopasuka wakati hayakuwa na msukumo. Muuzaji mwangalifu huyaacha yamwagike mpaka yawe meupe, ndipo anaweka bidoni. Hayo ya mwanzo yafaa kufulia.

2. Ziwa letu na klorini

Ufukweni, hasa wakati wa kipindupindu, huwekwa vituo vya klorini. Mhudumu huvuta kwa sirinji maji ya klorini ya asilimia 1, akayatia ndani ya bidoni iliyojazwa. Hesabu yake ni rahisi. Mililita moja ya maji hayo ina miligramu 10 za klorini. Mililita 4 zina miligramu 40, na zikigawanywa kwa lita 20 tunapata miligramu 2 kwa kila lita. Hicho ndicho kipimo cha kawaida cha maji meupe. Maji yenye tope huhitaji mara mbili, kwa sababu uchafu hula klorini kabla haijafikia mikrobu.

Ziwa letu lina tabia yake ambayo lazima tuizingatie. Maji ya Tanganyika si ya kawaida. Yana ualkali, pH yake ikiwa kati ya 8.6 na 9.2. Klorini ikiingia majini hugawanyika sura mbili: moja kali inayoua mikrobu haraka, nyingine dhaifu inayofanya kazi polepole. Kwenye maji yenye pH 7, sehemu kubwa hubaki kuwa ile kali. Kwenye pH 9, ile kali haizidi sana sehemu 3 kwa 100. Na kwa bahati mbaya, mikrobu ya kipindupindu haiudhiwi na ualkali, inaustahimili vizuri.

Kanuni ya Shirika la Afya Duniani ya kungoja dakika 30 baada ya kutia klorini imewekwa kwa maji ambayo pH yake iko chini ya 8. Maji ya ziwa letu hayamo. Anayechota ufukweni, akatiliwa dawa na kunywa baada ya nusu saa, amefuata kanuni ya maji mengine. Kwa maji ya ziwa napendekeza saa moja kamili, bidoni ikiwa imefungwa na kukaa kivulini. Jua nalo hula klorini.

3. Kupima, si kukisia

Harufu ya klorini ni dalili tu. Pua ya aliyezoea haisikii kitu, na pua ya mgeni husikia hata kidogo. Kipimio chenyewe ni kiboksi kidogo cha plastiki chenye vyumba viwili. Kimoja hupima klorini kwa kidonge cha DPD namba 1, kingine hupima pH. Unasuuza chumba kwa maji unayopima, unajaza, unatia kidonge bila kukigusa kwa vidole, unatikisa, na unasoma rangi papo hapo ukiilinganisha na rangi zilizochorwa pembeni. Maji yakibaki meupe, hakuna klorini. Waridi likizidi kukolea, klorini ni nyingi zaidi.

Kuna mtego mmoja. Rangi ikitokea kisha ikapotea mara moja, msidhani klorini haipo. Mara nyingi ni kinyume: imezidi mno hata ikaifuta rangi. Punguza maji hayo kwa maji yasiyo na klorini, upime tena.

Tunatafuta nini? Mlangoni, wakati wa kawaida, isipungue miligramu 0.2 kwa lita. Wakati wa kipindupindu, isipungue 0.5.

Kipimo cha sirinji ufukweni nacho kisirithiwe mwaka mzima, maana mvua ikinyesha mito huleta tope na ziwa hubadilika. Fanyeni jaribio hili. Jazeni bidoni nne safi kutoka sehemu ile ile. Tieni mililita 2 kwenye ya kwanza, 4 kwenye ya pili, 6 kwenye ya tatu, 8 kwenye ya nne. Fungeni, mtikise, mngoje saa moja, kisha mpime. Tuseme, kwa mfano, mmepata 0, kisha 0.1, kisha 0.6, kisha 1.3. Kipimo cha siku hiyo ni mililita 6. Aliyeendelea na 4 kwa mazoea angewauzia watu bidoni iliyobakiwa na 0.1, na wote wangeamini kwamba dawa imetiwa. Kweli imetiwa, lakini tope limeila.

Baada ya hapo ifuateni bidoni mojawapo hadi nyumbani. Tuseme imetoka ufukweni na 0.6, ikafika juu mtaani na 0. Hapo kosa si la mhudumu wa sirinji. Chungulieni ndani: mara nyingi kuta zina utelezi wa kijani, nao hula klorini. Angalieni na kifuniko, kama kimebadilishwa kwa mfuko au gunzi la hindi. Bidoni husafishwa kwa kutiwa changarawe, sabuni na maji kidogo, ikatikiswa kwa nguvu, kisha kusuuzwa mpaka povu liishe.

4. Lori la tanki

Kwa lori, hesabu ya klorini ni ile ile. Lita 5,000 kwa miligramu 2 kwa lita zinahitaji gramu 10 za klorini, yaani takribani gramu 14 za klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 70. Dereva asiyejua alitia kiasi gani, saa ngapi, hana klorini ya kukuuzia. Aliyeitia asubuhi na kuzunguka mpaka jioni, maji yake yapimwe tena kwenye kila kituo cha kushusha.

Muulizeni tanki lilibeba nini kabla ya maji. Lililobeba mafuta halisafishwi kwa klorini, na halifai maji ya kunywa. Tazameni mdomo wa mpira: ukiburutwa ardhini, uoshwe kabla haujaingia kisimani. Msipime maji ya mwanzo; acheni yatoke kwanza, kisha mkinge.

Kuhusu ujazo, msipime kwa macho. Kisima chako kikiwa na urefu wa mita 2 na upana wa mita 1.5, kila mita moja ya maji yanayopanda ni lita 3,000. Lita 5,000 lazima zipande karibu mita 1.67. Chora alama ukutani kabla lori halijafungua.

5. Bei

Bei ya bidoni hatuwezi kuilinganisha na ya lori mpaka zote ziwe kwa lita. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Bidoni ikiuzwa franki 200 robineni na franki 500 mlangoni, maji ni franki 10 kwa lita na usafiri ni franki 15. Mlangoni, mita moja ya ujazo, yaani bidoni 50, imegharimu franki 25,000. Ukijua hivyo, unaweza kumuuliza mwenye lori bei ya lita 1,000, na majirani wakaamua kama kununua pamoja kuna nafuu.

Kutenganisha maji na usafiri kunamtendea haki muuzaji pia. Kupandisha baiskeli yenye bidoni tano, kilo 100 za maji, ni kazi halali ya kulipwa. Kisicho halali ni kuuza maji ya ziwa, ambayo muuzaji hakuyalipia, kwa bei ya maji ya robine. Anayeteka ziwani aseme ni ya ziwa, alipwe usafiri na gharama ya klorini, na mnunuzi ajue kwamba atangoja saa moja.

6. Mapendekezo

Kwanza, kila kamati ya maji iwe na kipimio kimoja na ipime bidoni chache kila siku: baadhi ufukweni au robineni, na nyingine mlangoni. Matokeo yaandikwe katika daftari moja: saa, chanzo, klorini, hali ya bidoni.

Pili, jaribio la bidoni nne lirudiwe kila baada ya mvua kubwa na kila maji ya ufukweni yanapobadilika rangi.

Tatu, wauzaji waandike kwa chaki juu ya bidoni chanzo na saa ya kutia klorini. Chaki ni rahisi, na humwondolea muuzaji mwaminifu mzigo wa kushukiwa pamoja na asiye mwaminifu.

Nne, robine zikikauka, mkuu wa mtaa awape habari kituo cha afya na wahudumu wa klorini siku hiyo hiyo, ili sirinji ziongezwe ufukweni kabla ya foleni. Uvira imetuonyesha kwamba athari hudumu siku 12. Kwa hiyo upimaji wa mlangoni uongezwe kwa siku hizo zote, hata baada ya maji ya bomba kurudi.

Kipimio kiko mezani. Wauzaji waliokuja na bidoni wazisogeze, tuanze kupima.